Mzee wa harusi si spika ya kusomea shairi la mtandaoni

Nimeenda harusi za kutosha pande hizi za Dagoretti Corner, kutoka mahema ya Riruta hadi viwanja vya kanisa kule Kawangware, na kuna kitu kimoja kinaniudhi kila mara. Emsii anasema, "Sasa tunamkaribisha mzee atupe baraka." Mzee anasimama. Anapewa karatasi aliyochapishiwa saiba jana usiku, herufi ndogo kama za risiti. Anaanza kusoma sentensi ambayo haina mwisho. Anakatika pumzi katikati ya neno, anarudi mwanzo, na watu wanatoa simu. Dijei anasogeza mkono karibu na mashine. Baadaye tunasema mzee amezeeka.

Zii. Mzee yuko sawa. Shairi ndilo bovu. Msimamo wangu ni huu: shairi la baraka linaandikwa kwa kipimo cha pumzi ya yule atakayelisoma, na linataja familia zote mbili kwa namna ambayo hakuna mama atakayerudi nyumbani na kidonda. Likikosa hayo mawili, afadhali mzee aseme "Mungu awabariki" na aketi.

Najua kuna mtu atasema wazee wetu hubariki bila karatasi. Kweli kabisa. Mzee Mkikuyu akiomba kwa lugha yake, watu huitika "thaai", na hahitaji kuandikiwa chochote. Mzee Mluhya vilevile ana maneno yake. Shida inakuja Nairobi, ambako hema moja lina Kiambu upande huu na Kakamega upande ule. Mzee akibariki kwa lugha ya kwao, nusu ya hema inapiga makofi kwa adabu tu. Kwa hivyo simwondolei mzee lugha yake. Aanze nayo, dakika moja, bila karatasi. Kisha lije shairi la Kiswahili, ili wale waliokuwa wakipiga makofi kwa adabu nao wabarikiwe.

Wacha nichukue harusi moja tuifungue yote. Majina naweka kando. Bibi harusi alilelewa na mama peke yake, mama mboga ambaye watu wengi wa Kona wamenunua sukuma kwake. Baba aliondoka zamani na hakurudi. Upande wake yuko Guka, babake huyo mama. Bwana harusi anatoka familia kubwa ya Kakamega, wazazi wote wawili wapo, na mzee wa kusoma ni babu yake, miaka 78, ambaye wajukuu wanamwita Kuka. Guka na Kuka: Mkikuyu na Mluhya wametofautiana herufi moja tu kwa neno la babu. Weka hilo akilini, litarudi.

Kamati ilikuwa tayari na shairi, mtu alilitoa mtandaoni na kulitafsiri. Nililetewa nilisawazishe. Mstari wa kwanza ulikuwa hivi: "Tunapokusanyika leo katika siku hii tukufu na ya kipekee ya kuunganisha nyoyo mbili zinazopendana." Hesabu silabi. Ni 41 kabla ya mahali pa kupumua. Kijana wa redio ataumaliza. Kuka alifika "kipekee" akasimama.

Sasa kumbuka yale ya sekondari tuliyokuwa tukikariri kwa ajili ya mtihani tu. Shairi la tarbia lina mishororo minne kwa kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Mwalimu hakutuambia kwamba kipimo hiki kinalingana vizuri na kifua cha mtu. Silabi 8, anapumua kidogo. Silabi 8 nyingine, anapumua kabisa. Mzee hahitaji kutafuta pa kusimama, shairi lenyewe linamsimamisha. Na vina, zile sauti zinazofanana katikati na mwishoni, vinamsaidia jicho likipotea. Akijua mshororo uliopita uliishia "-ma", anajua anatafuta "-ma" nyingine.

Mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo au kiitikio, na huo ndio moyo wa baraka. Baraka ya huku kwetu haijawahi kuwa ya mtu mmoja anayesema na wengine kunyamaza. Kuna kuitika: amina, thaai, chochote kile. Kwa hivyo kibwagizo kiwe rahisi hivi kwamba ubeti wa pili ukifika, hema zima linakisema bila kusoma. Sisi tuliamua: "Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame." Nane kwa nane. Watoto walikishika siku hiyo hiyo ya mazoezi.

Jambo la pili ni heshima ya familia, na hapa ndipo kuna moto. Lile shairi la mtandaoni lilikuwa na mstari wa kuwashukuru "wazazi wote wanne". Fikiria yule mama ameketi kwa kiti cha mbele, kitenge kipya, na babu wa upande wa mvulana anasoma wazazi wanne mbele ya watu mia tatu. Kila jicho linahesabu. Mtu mmoja wa kamati alipendekeza tuongeze "na baba popote alipo". Nilikataa. Angekuwa amefariki, mshororo mmoja wa kumkumbuka ungetosha, na hakuna ambaye angeumia. Lakini aliyeondoka kwa hiari yake hatafutwi kwa maiki siku ya harusi. Shairi linataja waliolea. Basi.

Tena kuna mpangilio. Mzee anayesoma ana upande wake, hawezi kuuficha. Kwa hivyo upande usio wake ndio utangulie, na upate idadi ile ile ya beti. Ubeti mmoja kwao, ubeti mmoja kwetu. Ukiona wa kwenu wana beti tatu na wakwe wana mshororo, hiyo si baraka, hiyo ni kujigamba.

Ubeti wa upande wa Kuka ulikuwa mgumu kwa sababu familia yao ina mali na yule mama hana. Ukiandika sifa za mashamba na digrii, umemkanyaga mama. Ukinyamaza kabisa, umewakosea wenyeji wa Kakamega. Nikamuuliza Kuka mwenyewe angependa kusema nini. Akajibu: "Waambie hatujifanyi wakubwa mbele ya huyu mama."

Kaka, dada, sikiliza hiyo. Shairi lilikuwa tayari limetoka mdomoni mwake. Hesabu: Ha-tu-ji-fa-nyi-wa-ku-bwa, nane. M-be-le si silabi tatu, "mbe" ni moja, kwa hivyo mbe-le-ya-hu-yu-ma-ma ni saba. Imepungua moja tu. "Ya" ikawa "yake", nane ikatimia. "Wakubwa" ikawa "wakuu" ili ikubaliane na "mjukuu" ya mshororo wa juu. Maneno mawili tu yalibadilika, na maana ilibaki yake. Ndiyo maana nasema mwandishi asianze na kalamu, aanze na masikio. Kaa na mzee nusu saa, rekodi kwa simu, kisha tafuta vipande ambavyo tayari viko karibu na nane.

La tatu ni maisha ya mbele ya hawa wawili. Hapa watu huchanganya baraka na wosia. Wosia ni mafunzo ya namna ya kuishi, na una heshima yake. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mzima wa mafunzo ya ndoa mwaka wa 1858, na bado tunausoma. Lakini alikuwa mama akizungumza na mtoto wake. Mzee akianza kumfunza mkwe kupika na kuvumilia mbele ya wageni, amemfunga mdomo msichana wa watu siku yake. Baraka inaombea, haiamrishi. Iombee mambo ambayo wataishi nayo kweli: riziki, kusikizana, mlango ulio wazi.

Na tafadhali, tuache kuhesabu watoto. "Mwaka ujao tuje kunywa uji" inachekesha hema, lakini hujui aliyeketi pale mbele ameambiwa nini na daktari. Tuliandika "Ajaye na awe heri". Ajaye anaweza kuwa mtoto, mgeni, au mama mkwe na gunia la viazi. Kila mtu anasikia lake, na hakuna anayechomwa.

Hili hapa shairi lote, jinsi Kuka alivyolisoma:

Hamjambo watu wema, wa mjini na shambani,
Nimesimama kusema, mkongojo mkononi,
Siku ya leo ni njema, koo mbili zi hemani,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Mama uliyemlea, kwa jasho na kwa mapenzi,
Mapema ukatokea, hukuchoka nayo kazi,
Leo tunajionea, mti mwema na mizizi,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Nasi wa upande huu, tumekuja kwa heshima,
Huyu wetu mjukuu, tumemlea kwa wema,
Hatujifanyi wakuu, mbele yake huyu mama,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Nanyi mnaooana, sikizeni dua yangu,
Mkae mkipatana, mgawane na machungu,
Mkikosana mchana, jioni kimoja chungu,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Riziki iwe tayari, mlango usifungike,
Mola awape safari, ndefu na isikatike,
Ajaye na awe heri, nyumbani apumzike,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Nakaa, nimemaliza, kiti changu chaningoja,
Guka wangu, sikiliza, mimi Kuka, jina moja,
Koo mbili tumejaza, hema hili kwa pamoja,
Mungu awape baraka, nyumba yenu isimame.

Wajuzi wa ushairi mtaona kuna mahali maneno yamefinywa. "Zi hemani" ni "ziko hemani", na "chaningoja" ni "kinaningoja". Huo ni uhuru wa mshairi, na mzee hakusumbuka nao kwa sababu wazee ndio wamezoea Kiswahili hicho cha nyimbo za kanisani. Kilichomsumbua ni kingine. Nakala ya kwanza ilikuwa na "dhahabu" na "ghafla", na Kuka alikuwa akisitasita kila akifika pale. Tukazitoa. Sasa kagua hizo beti sita, hutapata "dh" wala "gh" hata moja. Ukimwandikia mzee mwingine, huenda kikwazo kikawa "r" na "l". Huwezi kujua kabla hajasoma kwa sauti mbele yako. Kwa hivyo usimtumie shairi kwa WhatsApp ukasema kazi imeisha.

Sasa karatasi, maana shairi zuri linaweza kufia hapo. Tulichapisha kwa herufi za ukubwa wa 22, na kila kipande cha silabi 8 kwenye mstari wake, kwa hivyo ubeti mmoja ulikuwa mistari minane. Beti mbili kwa ukurasa, kurasa tatu za A4, namba kubwa juu. Upande mmoja tu, kwa sababu mzee akigeuza karatasi hupoteza pahali. Usiilaminishe, plastiki inameta juani na herufi zinapotea. Na hema likiwa uwanjani kuna upepo, kwa hivyo kurasa zikae ndani ya faili ngumu, na mjukuu mmoja asimame kando kushika maiki. Mzee hawezi kushika mkongojo, faili na maiki. Ana mikono miwili kama wewe.

Mazoezi yalikuwa mara tatu, tukipima kwa simu. Mara ya kwanza ilikuwa karibu dakika tano, kwa sababu alikuwa akirudi nyuma. Ya tatu ilikuwa dakika tatu na kidogo, pamoja na watu kuitika. Zaidi ya dakika nne, ondoa ubeti, usimharakishe mzee. Ukiwa na wasiwasi ni upi wa kuondoa, usiguse zile za familia. Toa ule wa nne au wa tano.

Utajuaje limeshindwa kabla ya siku? Kuna ishara tatu. Mzee akisimama katikati ya neno, mshororo ni mrefu, hesabu tena. Akianza kubadilisha neno kila akisoma, neno hilo si lake, mpe lake. Na watu wakikosa kuitika kufikia ubeti wa pili, kibwagizo ni kigumu. Usimlaumu mzee kwa hata moja kati ya hizo.

Na kama mzee haoni vizuri au hakusoma? Usimtoe kwa programu umweke kijana mwenye sauti ya redio. Mjukuu amnong'onezee kipande kimoja kimoja, naye akirudie kwa sauti. Silabi 8 mtu yeyote anazishika akisikia mara moja, 41 hawezi. Hapo tena utaona ni kwa nini kipimo kile kilikaa miaka yote hiyo kabla ya karatasi kuwa rahisi.

Ubeti wa mwisho ndio uliofanya kazi ambayo sikuitarajia. Kuka alipofika "mimi Kuka, jina moja", Guka aliinuka kwa kiti chake, akapitia mbele ya meza kuu, wakashikana mikono. Emsii alikuwa na akili, hakusema kitu. Dijei pia alingoja. Yule mama alikuwa anafuta macho tangu ubeti wa tatu.

Sasa kuna wale mnaoandika harusi za Disemba. Bajeti ya keki imeshapita, ya drone imeshapita. Baraka haiitishi pesa, inaitisha nusu saa na mzee, rekoda ya simu, na vidole vya kuhesabia hadi nane. Nendeni mkamsikilize kwanza. Mkileta karatasi kabla ya kumsikia, mtakuwa mmemwazima mdomo tu.